Namba ya siri ni saini yako: matangazo ya wakala kwa wateja wa Uyole, Mbeya

Jumatatu asubuhi

Ugonile wazee wetu, kamwene ndugu mliotoka Iringa na Njombe, na wateja wote wa Uyole.

Mvua zimeanza na watu wanatafuta mbolea. Wanunuzi wa viazi na parachichi nao wanalipa kwa simu, kwa hiyo laini za wakulima zina hela kuliko miezi iliyopita. Matapeli wanalijua hilo. Wiki hii nzima tutaandika hapa jinsi wanavyofanya kazi, hatua kwa hatua, kwa sababu kusema tu "usitoe namba yako ya siri" hakutoshi tena. Tapeli wa siku hizi haiombi. Anakuelekeza uibonyeze mwenyewe, na yeye ndiye anakukumbusha usimtajie.

Tunaanza na jambo dogo. Ukija kutoa hela kibandani, simu inabaki mkononi mwako. Unapiga menyu ya mtandao wako: M-Pesa *150*00#, Mixx by Yas *150*01#, Airtel Money *150*60#, HaloPesa *150*88#. Unachagua kutoa pesa, unaweka namba ya wakala iliyobandikwa ukutani, kisha kiasi. Unasoma jina la wakala linalotokea. Likiwa silo lililo ukutani, acha hapo hapo. Likiwa ndilo, unabonyeza namba ya siri mwenyewe, simu umeigeuzia kifuani. Wakala haihitaji namba hiyo katika hatua yoyote, hata mtandao ukisumbua, hata kukiwa na foleni.

Baba au mama asiyeona vizuri maandishi madogo aje na mjukuu anayemwamini. Tutamsomea kilichoandikwa kwenye kioo kwa sauti, lakini tarakimu nne atabonyeza yeye. Tafadhali msitupe simu mkisema "mwanangu nitolee, namba yangu ni fulani". Nyuma yenu kuna watu watano wamesimama na wote wana masikio.

Jumanne

Simu ya "huduma kwa wateja". Isome yote, kisha msomee mama yako aliyeko kijijini.

Inaingia kutoka namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Mtu ana sauti ya upole, Kiswahili kimenyooka. Anataja majina yako matatu. Anasema laini yako itafungwa leo saa kumi kwa sababu usajili una kasoro, au anasema anatoka upande wa mbolea ya ruzuku na jina lako limekwama. Halafu mazungumzo yanakwenda hivi:

"Mama, tuhakikishe kwanza kama akaunti iko hai. Salio lako linasomaje?"

"Laki moja na tisini na mia nne."

"Vizuri. Usikate simu, weka sauti ya nje. Piga nyota 150 nyota 00 reli. Imefunguka? Bonyeza 1. Bonyeza 1 tena. Sasa andika namba ya usajili, nakutajia mbili mbili."

Anataja tarakimu kumi.

"Sasa andika namba ya uhakiki: moja, nane, tatu, sifuri, sifuri, sifuri."

"Nimeandika."

"Sasa malizia kwa namba yako ya siri. Usinitajie mama, hiyo ni siri yako."

Sasa angalieni kilichotokea. Ile 1 ya kwanza ilikuwa "Tuma pesa". "Namba ya usajili" ni namba ya simu ya tapeli au ya mwenzake. "Namba ya uhakiki" ni 183,000, kiasi alichokipima ili makato yapate nafasi na muamala usikatae kwa salio pungufu. Ndiyo maana aliuliza salio mwanzoni. Na lile neno "usinitajie" ndilo linalowamaliza wengi, kwa sababu mtu anajisemea: tapeli gani atanikataza kumtajia?

Kubonyeza namba ya siri ni kutia saini. Husaini karatasi ambayo hujaisoma. Kabla ya tarakimu zile nne, kioo huwa kimeandika kiasi na anayepelekewa. Ukisoma mstari huo na kukuta jina la mtu usiyemjua, umeshajua unaongea na nani. Tapeli anakuharakisha na anakuzuia usikate simu ili usipate sekunde tano za kusoma.

Kwa wenye vitochi: maandishi hayaenei kwenye kioo kimoja. Shuka mpaka chini kabisa kabla ya kuandika chochote.

Jumanne jioni, majibu ya maswali mliyotuma

"Amejuaje majina yangu matatu?" Mtu yeyote akianza kutuma hela kwenye namba yako, jina lako la usajili linamtokea kabla hajathibitisha. Analisoma, anaghairi, hajatumia hata shilingi. Kwa hiyo mtu kujua jina lako si ushahidi kwamba anatoka kwenye mtandao.

"Amejuaje kwamba jana nilitoa 150,000?" Hapa mawakala tunabeba lawama yetu. Daftari la miamala lina jina, namba ya simu, kiasi na saini. Likiachwa wazi kaunterini, mtu analipiga picha moja anaondoka na wateja thelathini. Hapa kwetu daftari linafunikwa na kipande cha boksi chenye tundu la mstari mmoja tu, unasaini mstari wako huoni wa mwenzako. Ukikuta limeachwa wazi, tuambie bila kuogopa. Ukienda kwa wakala mwingine, Mwanjelwa au Tunduma, lifunike mwenyewe kwa kiganja.

Jumatano

Meseji ya "umepokea". Inafuatiwa na simu ya mtu anayelia kwamba ametuma hela kimakosa, ni ya dawa ya mtoto, umrudishie.

Angalia mtumaji wa meseji. Ya mtandao huja kwa jina la huduma, ya tapeli huja kwa namba ya simu. Lakini usiishie hapo: fungua menyu, angalia salio. Meseji haiongezi hela kwenye akaunti.

Na kama hela imeingia kweli? Bado usitume kwa mkono wako. Mwambie apige 100 kwenye mtandao wake, muamala urudishwe na wao. Ukimtumia wewe, kisha naye akaomba urejeshaji, unakatwa mara mbili.

Alhamisi

Leo ni siri nyingine, ambazo watu hawazihesabu kuwa siri.

Namba ya uhakiki inayokuja kwa meseji unapofungua aplikesheni, mara nyingi tarakimu 4 au 6. Hiyo ni siri sawa na ile nyingine. Ya WhatsApp ina tarakimu 6. Mtu "wa kundi la vikoba" akikuomba umsomee namba iliyoingia kwako kwa bahati mbaya, anahamisha WhatsApp yako kwenda simu yake. Saa moja baadaye ndugu zako wote wanaombwa 50,000 kwa jina lako na picha yako.

Kuhamisha simu. Tapeli anakwambia upige **21* ikifuatiwa na namba fulani na reli, "ili mtandao ukae vizuri". Ukifanya hivyo, simu zako zote zinakwenda kwake, pamoja na ile ya mtandao au ya benki inayotaka kukuhakiki. Kuangalia kama umehamishiwa na kufuta kila uhamisho, piga hizi kwa zamu:

```
*#21#
##002#
```

Alama za vidole. Kwa wanaosajili laini barabarani: mtu akikwambia kidole hakijasoma, weka tena, weka na kingine, huenda anasajili laini ya pili kwa kitambulisho chako cha NIDA. Piga *106# kabla hajaondoka, ufuate menyu inayoonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho mkononi waifute.

Na simu ikipoteza mtandao ghafla wakati ya jirani inashika vizuri, usingoje kesho. Inawezekana laini yako imerudishwa kwenye kadi nyingine na mtu mwingine. Azima simu yenye laini ya mtandao huo huo, piga 100, omba akaunti ya fedha ifungwe.

Ijumaa

Kuchagua namba ya siri. Tarakimu nne zinatoa michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 hadi 9999. Ukitumia mwaka wa kuzaliwa umejibana kwenye miaka kama 60 tu, na anayekufahamu anahitaji kubahatisha mara moja. Acha 1234, acha 0000, acha tarakimu nne za mwisho za simu yako. Chukua kitu ambacho hakimo kwenye kitambulisho: kwa mfano idadi ya miche uliyopanda mwaka fulani, au bei ya gunia unayoikumbuka, igeuze nyuma kwenda mbele.

Usiiandike nyuma ya kava la simu. Na bibi zetu, karatasi yenye namba msiifunge kwenye pindo moja la kanga na hela. Anayechukua pindo anachukua vyote.

Mtu akiiona, hata mtoto wa nyumbani, ibadilishe siku hiyo hiyo kupitia menyu, sehemu ya akaunti yako. Itakuomba ya zamani mara moja na mpya mara mbili. Haina haja ya kuja kwetu.

Jumamosi, bandika hii ukutani

Ukishatapeliwa, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani. Hela iliyobaki kwenye laini ya tapeli inaweza kuzuiwa, iliyokwisha kutolewa kwa wakala haizuiliki. Kwa hiyo usianze kumpigia tapeli kumsihi. Huko ndiko anakotaka ukapotezee muda.

Piga 100 kwa laini ile ile iliyotoka hela. Soma namba ya kumbukumbu ya muamala kutoka kwenye meseji, herufi kwa herufi, kisha kiasi, saa, na jina lililopokea. Omba izuiwe. Ukimaliza, badilisha namba ya siri.

Usifute meseji yoyote, wala historia ya simu zilizoingia. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, pamoja na namba ya aliyekutumia. Kisha nenda polisi na kitambulisho, upewe RB. Mtandao unaweza kuiulizia wakati wa kufuatilia.

Hakuna wa kukucheka. Wanaopigiwa ni walimu, wachungaji, wafanyabiashara wa Kabwe wenye miaka ishirini sokoni. Kinachoumiza ni mtu kukaa kimya siku mbili kwa aibu huku hela ikitolewa kidogo kidogo.

Kibanda kinafunguliwa saa moja asubuhi. Ukiwa na mtu kwenye simu anayekuelekeza cha kubonyeza, ingia moja kwa moja hata kama kuna foleni, weka simu kaunterini sauti ikiwa nje, na usibonyeze chochote mpaka tusome kioo pamoja.