Hadidu za Rejea: Ushauri wa Muda Mfupi kuhusu Maparachichi Yanayokataliwa na Wanunuzi, Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya

1. Usuli

AMCOS ya wakulima wa parachichi yenye ofisi mjini Tukuyu (kuanzia hapa "Chama") inatafuta Mshauri atakayechunguza kwa nini sehemu ya maparachichi aina ya Hass hukataliwa kwenye vituo vya kukusanyia vya Kiwira, Kyimo na Lufingo. Wanunuzi husema matunda yamechumwa machanga, ilhali wanachama wengi wanaamini kwamba hupunjwa wakati wa kupanga madaraja. Chama hakina ushahidi wake chenyewe, na bila ushahidi huo kila msimu mkulima ndiye anayebeba hasara.

2. Mawanda ya kazi

Mshauri atafuatilia tunda tangu linapochumwa hadi linapopakiwa kwenye gari la mnunuzi, na kubainisha ni hatua ipi inayoleta hasara na kwa kiasi gani. Kwa kuwa parachichi haliivi likiwa mtini, na rangi ya ganda la Hass bichi haitoshi kuonyesha kwamba limekomaa, ukomavu utathibitishwa kwa kupima kiwango cha maada kavu: sampuli ya nyama ya tunda itapimwa uzito, itakaushwa mpaka uzito usibadilike, kisha itapimwa tena. Sampuli zichukuliwe kwenye mashamba ya miinuko tofauti, kwa sababu tunda la ukanda wa juu wenye baridi huchelewa kukomaa kuliko la chini hata kama miti ilichanua pamoja.

Aidha, Mshauri ataangalia namna ya kuchuma (iwapo kikonyo kifupi huachwa au tunda hung'olewa na kuacha jeraha linaloingiza uozo), muda ambao kreti hukaa juani, ujazo wa kreti, na usahihi wa mizani ya kituo. Kipengele cha mizani hakitaachwa kwa sababu yoyote, kwani ndicho ambacho wanachama wamekilalamikia zaidi. Uchunguzi wa bei na masoko ya nje haumo katika kazi hii.

3. Kazi zitakazowasilishwa

Mshauri atawasilisha taarifa ya kuanza kazi yenye mpango wa sampuli. Takwimu ghafi za vipimo vyote katika jedwali la kielektroniki. Taarifa ya mwisho isiyozidi kurasa 25 kwa Kiswahili. Na mwongozo wa ukurasa mmoja wenye michoro, utakaobandikwa vituoni. Chama kinauthamini mwongozo huo sawa na taarifa yenyewe, maana mchumaji ndiye atakayeutumia. Majina ya wakulima hayataonekana katika kazi yoyote isipokuwa kwa ridhaa yao ya maandishi.

4. Ratiba

Kazi ni ya siku 20 za kazi, kuanzia Jumatatu tarehe 1 Juni 2026. Taarifa ya kuanza itapokelewa tarehe 4 Juni. Vipimo vya shambani na vituoni vitafanyika tarehe 8 hadi 17 Juni. Rasimu itawasilishwa tarehe 22 Juni na kujadiliwa na wawakilishi wa wanachama tarehe 24. Na kazi zote za mwisho zitakabidhiwa tarehe 26 Juni.

5. Malipo na uidhinishaji wake

Ada ni shilingi 9,000,000, ikijumuisha usafiri, malazi na vifaa vya kupimia. Asilimia 20 italipwa baada ya taarifa ya kuanza kukubaliwa, asilimia 30 baada ya rasimu pamoja na takwimu ghafi, na asilimia 50 baada ya kazi za mwisho. Kodi ya zuio ya asilimia 5 itakatwa kwa mshauri mkazi na kuwasilishwa TRA.

Kwa kila awamu, Mshauri atawasilisha ankara kwa Meneja, ambaye ndani ya siku 3 za kazi atailinganisha na kazi iliyopokelewa na kuipeleka kwenye Kamati ya Ubora. Kamati itaikubali, au itaandika kasoro mahususi zinazopaswa kurekebishwa. Maneno ya jumla kama "haijaridhisha" hayatatosha kuzuia malipo, kwa sababu Mshauri naye ana haki ya kujua anachodaiwa. Baada ya muhtasari wa Kamati kusainiwa, Mhasibu ataandaa hati ya malipo, na Mwenyekiti pamoja na Mweka Hazina wataiidhinisha. Aliyeipokea na kuikagua kazi hatakuwa mmoja wa waidhinishaji wa hati hiyo. Malipo yatafanyika ndani ya siku 10 za kazi tangu Kamati iikubali kazi, kupitia akaunti ya benki yenye jina la Mshauri pekee, naye atatoa risiti ya EFD. Hakuna fedha taslimu itakayotolewa, hata kwa dharura ya mafuta.

6. Sifa na maombi

Mwombaji awe na shahada ya kilimo cha bustani au teknolojia ya baada ya mavuno, uzoefu wa kupima maada kavu, na TIN. Asiwe na maslahi kwa mnunuzi yeyote anayenunua kwenye vituo vilivyotajwa. Maombi yafike ofisi ya Chama, Tukuyu, kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa tarehe 15 Mei 2026.