YAH: OMBI LA KUBORESHA MTANDAO WA MAABARA YA KOMPYUTA

Idara ya TEHAMA,
Maabara ya Kompyuta,
MWANZA.
12 Mei, 2025.

Mkuu wa Shule,
Hapa shuleni.

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Katika kikao cha walimu ilipendekezwa tuongeze kifurushi cha intaneti ili kuondoa usumbufu wa maabara. Kwa heshima, naomba pendekezo hilo lisubiri. Vipimo nilivyochukua wiki iliyopita vinaonyesha kuwa tatizo liko ndani ya uzio wetu, si kwa mtoa huduma.

Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde. Nilipochomeka kompyuta mpakato moja kwa moja kwenye ruta iliyoko ofisi ya mhasibu, nilipata 18.6. Maabara, kompyuta moja tu ikiwa imewashwa, nilipata 2.1. Darasa lilipoingia na kompyuta 10 kutumika kwa pamoja, kila moja iliambulia takribani 0.2. Kutoka maabara kwenda kwenye ruta, majibu yalikuwa haya:

```
ping -n 100 192.168.1.1
Packets: Sent = 100, Received = 96, Lost = 4 (4% loss)
```

Yaani pakiti nne katika mia zinapotea kabla hata ya kutoka shuleni. Chanzo nakishuku kuwa waya unaopita juu ya jabali nyuma ya jengo la utawala. Umeungwa kwa gundi ya plasta sehemu tatu, na ganda lake limepasuka kwa jua. Mvua ikinyesha, ndiyo basi.

Kuna na habu, kifaa kinachounganisha kompyuta zote za maabara. Nilinakili faili la megabaiti 50 kutoka kompyuta ya mwalimu kwenda ya mwanafunzi, kazi isiyogusa intaneti kabisa: sekunde 55. Kompyuta 10 zilipolivuta kwa pamoja, dakika 9 na nusu. Habu yetu ni ya megabiti 10, na zote hugawana njia hiyo moja. Niliazima kwa mwalimu mwenzangu wa Nyegezi swichi ndogo ya mtandao ya megabiti 100, ambayo huipa kila kompyuta njia yake, nikarudia kunakili kwenda kompyuta moja: sekunde 5. Kompyuta zilezile, faili lilelile.

Kwa kipindi cha dakika 40, Kidato cha Pili humaliza robo ya muda wakisubiri faili la zoezi, na wenye haraka hubofya tena na tena, jambo linalozidisha msongamano.

Hivyo naomba swichi moja ya gigabiti yenye porti 24, kebo mpya ya Cat 6 ya kutumika nje pamoja na bomba la kuipitishia. Jumla ni sh. 870,000, profoma za maduka matatu ya mjini nimeziambatanisha. Kubana vichwa vya kebo nitafanya mwenyewe. Fundi atahitajika kwa kupitisha bomba kwenye jabali tu, na ningependa kazi hiyo ifanyike likizo ya Juni.

Nipo tayari kurudia vipimo hivi mbele yako, siku yoyote yenye umeme.

Wako katika kazi,

Mwl. J. Masanja
Mwalimu wa Kompyuta

Nakala: Mhasibu wa Shule