Ajenda: mkutano wa mwisho kabla tuanze kushuti Dunga

Alhamisi saa nane mchana, ofisini Milimani. Tuna dakika 75, so wakuu wa idara wakuje wenyewe, si kutuma msaidizi wa kusema "nitamwambia". Msaidizi wa dairekta ndiye ataongoza.

1. Ratiba (dakika 20)
Jumamosi kryu inafika Dunga saa kumi na moja alfajiri, kamera inaroll kabla ya saa moja. Saa zote hapa ni za Kiswahili, mtu asisome kumi na moja akatokea karibu lanchi! Sini zote za boti ziishe kabla ya saa tano, juu mchana upepo wa ziwa hushika na mawimbi yanainuka, halafu jioni mvua ya radi inaweza kukuja bila kubisha. Sini za jikoni ni za ndani, hizo tunaziweka mchana. Watu wa kamera na saundi watuambie kama masaa manne yanatosha kwa boti, na kama hayatoshi waseme hapo hapo, si Jumamosi.

2. Usalama (dakika 35, hii haipunguzwi)
Boti: aktari wawili, kamera moja, saundi mmoja, nahodha, basi. Kila mtu na laifjaketi. Kostyumu iletwe tujaribu laifjaketi chini ya shati ya mvuvi, isipoingia tunabadilisha shati, laifjaketi haitoki. Boti ya pili ya uokoaji iko majini muda wote, sio imefungwa ufuoni dereva akikunywa chai.

Viboko: usiku hutoka kula nyasi na alfajiri wanarudi majini, na hiyo ndiyo saa sisi tunashusha vitu. Usisimame kati ya kiboko na maji. Wazee wa BMU, kamati ya ufuo, watatuonyesha njia za viboko, hakuna mtu anashuka kwa gari kabla waseme sawa.

Stima: jenereta ikae mbali na maji, nyaya ziinuliwe. Gafa alete swichi ya kukata umeme ukivuja, na aitest mbele yetu.

Droni: barua ya KCAA iwe mezani. Haiko, droni haipai.

3. Nani anafanya nini (dakika 15)
Shuti iliyopita kila mtu alidhani mwenzake amebeba fasti eidi, kijana akakatwa na bati tukamfunga na leso ya meikap. So safari hii tunasoma kazi moja moja na mwenyewe anajibu "yangu": gari la dharura na simu ya dereva wake, fasti eidi, kuhesabu watu wakipanda na wakishuka boti, kulipa BMU, magugumaji yakiziba gati nani anampigia dairekta. Kazi ikikosa mwenyewe, hatuendi pointi inayofuata.

4. Mengineyo (dakika 5)
Chakula, na nani amekaa na wokitoki namba 3 tangu mwezi jana.