Pingamizi la Ankara ya Pili ya Ada ya Leseni ya Biashara kwa Mwaka 2025

15 Septemba 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri.

Kupitia kwa Mweka Hazina
Nakala: Afisa Biashara

YAH: KUPINGA ANKARA NA. 25-07752 YA SHILINGI 100,000, ADA YA LESENI YA MWAKA 2025 AMBAYO NIMEKWISHA KUILIPA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani, nina biashara moja ya ushonaji katika fremu namba 11, Mtaa wa Sokoni, kwa leseni namba 25-0913. Leseni hiyo inaanza tarehe 1 Januari 2025 na kuishia tarehe 31 Desemba 2025. Ada yake, shilingi 80,000, niliilipa kwa mkupuo mmoja tarehe 14 Januari 2025 kwa ankara namba 25-01836, nikapewa stakabadhi namba 004417. Nakala za leseni, ankara na stakabadhi nimeziambatisha pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikitoka siku hiyo hiyo. Taarifa hiyo niliiomba makusudi, kwa sababu kabla ya kuandika barua hii nilitaka kuhakikisha kwamba malipo ya Januari hayakurudishwa bila mimi kujua. Hayakurudishwa.

Jumanne tarehe 9 Septemba mkusanya mapato alifika dukani na ankara nyingine, namba 25-07752, inayodai shilingi 80,000 za ada ya leseni ya mwaka 2025 na shilingi 20,000 za adhabu ya kuchelewa. Nilimwonyesha leseni iliyo ukutani na stakabadhi yake. Akazisoma, akaniambia kwa adabu kwamba mashine yake bado inasoma deni na kwamba yeye hana uwezo wa kulifuta. Akaniachia ankara na onyo kwamba lisipolipwa hadi tarehe 30 Septemba biashara itafungwa.

Alhamisi tarehe 11 nilikwenda ofisini kwenu. Aliyenihudumia dirishani aliingiza namba yangu ya mlipakodi, na hapo ndipo jambo lilipojitokeza. Zilikuja biashara mbili, zote za ushonaji na zote kwa jina langu. Ya kwanza iko fremu namba 11 na imelipiwa. Ya pili iko fremu namba 6, nayo ndiyo inayodaiwa.

Fremu namba 6 nilihama mwezi Machi 2024. Sikuhama kimyakimya. Tarehe 18 Machi 2024 niliwasilisha masjala barua ya kuhamisha biashara, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na siku chache baadaye afisa alikuja kukagua fremu mpya. Leseni ya mwaka huu mmeitoa nyinyi wenyewe kwa anwani ya fremu namba 11. Nakala ya barua ile yenye muhuri nimeiambatisha, pamoja na mkataba wa pango wa fremu namba 11 na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba funguo za fremu namba 6 nilimkabidhi tarehe 31 Machi 2024. Fremu hiyo sasa ina mpangaji mwingine anayefanya biashara isiyohusiana na yangu. Mkaguzi akifika hapo, dakika tano zinamtosha kuona kwamba hakuna cherehani.

Kwa hiyo, nionavyo mimi, hakuna mtu aliyekusudia kunitoza mara mbili. Anwani mpya iliingizwa kama biashara mpya badala ya kurekebisha ile ya zamani, na ya zamani haikufungwa. Ulipofika mwaka 2025 kila kumbukumbu ikazaa ankara yake. Adhabu nayo imehesabiwa kuanzia Januari, ilhali ankara yenyewe sikuwahi kuiona hadi Septemba. Hata kama deni lingekuwa halali, na sikubali kwamba ni halali, sioni ningewezaje kuchelewa kulipa kitu ambacho sijaletewa.

Pale dirishani nilishauriwa nilipe kwanza, kisha niombe kurejeshewa. Naelewa kwamba ushauri ule ulitolewa kwa nia ya kuniepusha na kufungiwa, lakini siwezi kuufuata, na naomba sababu yangu isichukuliwe kuwa ni ukaidi. Shilingi 100,000 kwangu ni fedha nyingi. Ni zaidi ya ada ya mwaka mzima. Kinachonitisha zaidi ni maana ya malipo hayo. Nikilipia fremu namba 6, nitakuwa nimekiri kwa stakabadhi kwamba nina biashara mbili. Januari 2026 zitatoka tena ankara mbili, na safari hiyo nitaulizwa kwa nini nilipinga kitu nilichokilipia mwaka uliotangulia. Ushuru wa huduma nao hukadiriwa kwa kila biashara iliyosajiliwa. Biashara isiyokuwepo, ikishaanza kulipiwa, haitakufa yenyewe.

Niliulizwa pia kama huenda ankara ya pili ni ya ushuru wa huduma na si ya leseni. Hapana. Ushuru huo naulipa kivyake kila robo mwaka, na stakabadhi za robo mbili za mwanzo wa mwaka huu zimo kwenye viambatisho. Ankara namba 25-07752 imeandikwa waziwazi kuwa ni ada ya leseni ya biashara, ushonaji, mwaka 2025, maneno yale yale yaliyo kwenye ile ya Januari. Tofauti ni namba ya fremu tu.

Naomba basi ankara hiyo ifutwe yote, ada pamoja na adhabu, na kumbukumbu ya fremu namba 6 ifungwe kuanzia tarehe 31 Machi 2024, ili nibaki na biashara moja katika rejista, kama nilivyo na biashara moja kweli. Kufuta ankara pekee na kuiacha kumbukumbu wazi hakutanisaidia, maana tutarudi hapa hapa baada ya miezi minne. Wakati jambo hili likishughulikiwa, naomba agizo la kufunga biashara lisitishwe na mkusanya mapato wa mtaa wetu ajulishwe kwa maandishi. Nina mafundi wawili wanaokula kwa cherehani hizo, na sare za shule za wateja ziko mezani nusu zimeshonwa. Duka likifungwa hata siku mbili, hasara haitakuwa yangu peke yangu.

Ikiwa halmashauri inaona kwamba deni hili ni halali, naomba nijibiwe kwa maandishi kabla ya tarehe 30 Septemba, nielezwe ni kifungu gani cha sheria ndogo kinachoruhusu ada mbili kwa biashara moja ndani ya mwaka mmoja, na rufaa yangu niipeleke wapi. Nitaipeleka.

Niko tayari kuja na nakala halisi za kila nilichokitaja siku yoyote ya kazi, na mkaguzi anakaribishwa katika fremu zote mbili bila taarifa. Namba yangu ya simu ni ile iliyo kwenye fomu ya leseni, haijabadilika. Nakala moja ya barua hii naomba igongwe muhuri wa kupokelewa na nirudishiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

(sahihi)
Mmiliki, biashara ya ushonaji
Leseni Na. 25-0913
Fremu Na. 11, Mtaa wa Sokoni