Ripoti ya tukio la dawa: insulini, wodi ya wanawake, 14 Oktoba 2025

Kwa: Mkuu wa Wauguzi
Nakala: Mfamasia Mkuu, Kamati ya Usalama wa Wagonjwa
Kutoka: Kiongozi wa zamu ya usiku, wodi za wanawake na wanaume
Mombasa, 15 Oktoba 2025

Saa zote humu ni za mfumo wa saa 24, kama zilivyo kwenye chati. Mimi nilifika kitandani kwa mgonjwa saa 18:52. Ya kabla ya hapo nimeyatoa kwenye chati na kwenye maelezo ya maandishi ya wauguzi wawili, ambayo nimeyaambatisha bila kuyahariri. Wahusika nimewataja kwa kazi zao. Majina yamo kwenye fomu ya siri.

Mgonjwa

Mama wa miaka 61, kitanda namba 9, ana kisukari cha aina ya pili. Alilazwa 12 Oktoba kwa kidonda cha mguu wa kulia chenye maambukizi. Aliandikiwa insulini ya kasi yuniti 4 chini ya ngozi kabla ya kila mlo. Chati inaonyesha dozi tano zilizotolewa kuanzia asubuhi ya 13 Oktoba hadi mchana wa 14 Oktoba, zote za yuniti 4. Figo zake zilipimwa siku aliyolazwa, na majibu yalikuwa ya kawaida.

Kilichotokea

Alasiri ya 14 Oktoba karatasi ya dawa ilijaa, na maagizo yakanakiliwa kwenye karatasi mpya. Agizo la insulini kwenye karatasi hiyo limeandikwa `4U`. Herufi ya pili imefungika kwa juu. Nakala ya picha imeambatishwa, kwa hiyo siielezi zaidi. Dozi tano za awali zilibaki kwenye karatasi ya zamani, na kwenye mpya hapakuwa na dozi ya kulinganisha.

Saa 17:40 sukari ya mgonjwa ilikuwa 13.1 mmol/L. Saa 18:10 muuguzi wa dawa alimdunga insulini tumboni na kuandika 40 kwenye nafasi ya dozi. Katika maelezo yake ameandika: “Niliisoma arubaini.” Nafasi ya sahihi ya muuguzi wa pili haina sahihi. Wakati huo wodi ilikuwa na wagonjwa 31 na wauguzi wawili, na muuguzi wa pili alikuwa akimpokea mgonjwa kutoka idara ya dharura. Daftari la mapokezi linaonyesha saa 18:05.

Bomba la sindano lilikuwa limeshatupwa kwenye sanduku la vitu vyenye ncha, wala halikutafutwa humo. Kiasi cha yuniti 40 kinatokana na chati na maelezo ya muuguzi mwenyewe.

Chakula kilifika saa 18:20. Mgonjwa alikula wali na samaki, nusu sahani hivi.

Saa 18:50 muuguzi wa dawa alipokuwa akiipanga karatasi ya zamani nyuma ya faili aliona dozi za 4. Aliniita papo hapo kutoka wodi ya wanaume.

Hatua za matibabu

Saa 18:55 sukari ilikuwa 6.2. Mgonjwa alikuwa macho, anazungumza vizuri, hana malalamiko. Daktari wa zamu alipigiwa simu saa 18:57 na akafika saa 19:05. Aliagiza kanula ya pili, uji wenye sukari, na sukari ipimwe kila dakika 15. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja cha uji.

Saa 19:20 sukari ilishuka hadi 3.1. Mgonjwa alisema, “Mwili wanitetemeka, na jasho lanitoka.” Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika. Alijibu maswali yote kwa usahihi na hakupoteza fahamu. Alipewa glukosi ya asilimia 10 mshipani, mililita 200 kwa dakika 15. Saa 19:40 sukari ilikuwa 5.4 na kutetemeka kulikuwa kumekwisha. Daktari akaagiza dripu ya glukosi hiyohiyo iendelee kwa mililita 100 kwa saa.

Saa 20:30 sukari ilikuwa 4.3, na saa 21:15 ikawa 3.6, safari hii bila dalili yoyote. Alipewa mililita 150 nyingine, na saa 21:35 ikafika 6.8. Haikushuka tena chini ya 5. Tangu saa 22:00 ilipimwa kila saa hadi asubuhi. Vipimo vyote vimo kwenye chati.

Kwa kuwa insulini nyingi hushusha pia potasiamu, damu ilichukuliwa saa 20:10: potasiamu 3.4 mmol/L. Ilipopimwa tena saa 06:15 ilikuwa 3.8. Dripu ilisimamishwa saa 07:00 kwa agizo la daktari. Saa 07:30 mgonjwa alikula mahamri mawili na mbaazi, akamaliza. Kusafishwa kwa kidonda kulisogezwa kutoka saa 09:00 hadi 11:00.

Mazungumzo na mgonjwa na jamaa zake

Saa 19:50, sukari ilipokuwa imepanda, daktari nami tulimweleza mgonjwa kwamba amepewa insulini nyingi kuliko iliyoandikwa, kiasi gani, na tunafanya nini. Tulimwomba radhi. Kwa idhini yake tulimpigia bintiye, aliyevuka kwa feri kutoka Likoni na kufika saa 20:45. Naye alielezwa hayo hayo.

Binti aliuliza kama mamake atabaki na athari. Daktari alimjibu kwamba kwa kuwa hakupoteza fahamu na sukari ilirudishwa haraka, hatarajii athari ya kudumu, lakini usiku ule lazima aangaliwe kwa karibu. Aliuliza pia kama muuguzi atafukuzwa kazi. Nilimwambia kwamba hilo haliamuliwi na zamu, na kwamba ripoti itaandikwa. Aliomba nakala, ombi lake limepelekwa kwa ofisi ya kumbukumbu leo.

Hatua nyingine

Daktari alikata agizo la zamani kwa mstari mmoja, akatia sahihi na saa, kisha akaliandika upya kwa neno zima “yuniti”. Maandishi ya awali yanasomeka. Wagonjwa wengine wanne wa wodi hii wanatumia insulini. Chati zao zilikaguliwa kabla ya dozi za usiku, mbili zikaonekana zina kifupi hicho, nazo zikaandikwa upya saa 20:25. Dozi walizokwisha kupewa zilikuwa sahihi.

Kuanzia saa 19:10 toroli ya dawa ilichukuliwa na muuguzi aliyeazimwa kutoka wodi jirani. Muuguzi wa dawa aliomba kubaki na mgonjwa, nami nikakubali; vipimo vingi vya sukari vya usiku ule ni vyake. Hata hivyo, ingefaa zamu iwe na mtu wa kumpumzisha baada ya tukio kama hili. Sisi hatukuwa naye.

Mfamasia aliwasilisha taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu kupitia `PvERS` leo saa 09:40. Kwa mpangilio wa A hadi I, tukio limewekwa daraja E: kosa limemfikia mgonjwa, likaleta madhara ya muda na kuhitaji tiba.

Mawili naiachia kamati. Kwanza, maagizo yanaponakiliwa kwenye karatasi mpya, dozi ya mwisho iliyotolewa inaweza kunakiliwa pamoja nayo. Pili, namna ya kupata sahihi ya pili ya insulini saa za kubadilishana zamu, wodi inapokuwa na wauguzi wawili tu.

Hali ya mgonjwa leo saa 14:00: sukari 9.4, hana malalamiko, anakula. Insulini yake ya mchana, yuniti 4, ilitolewa saa 12:50 kwa sahihi mbili.

Imeandikwa na kiongozi wa zamu ya usiku, 15 Oktoba 2025, saa 14:30.