Karibuni Dodoma: mambo machache kabla hamjatoka getini

Wageni wetu karibuni sana, hii karatasi nimeiweka hapa chumbani kwa sababu maswali ni yaleyale kila wiki, nikaona niandike mara moja halafu niendelee na mapishi yangu.

Kwanza salamu. Hapa huwezi kumfuata mtu ukamwambia tu "njia ya stendi wapi?" Kuna mgeni wetu mmoja alimuuliza hivyo mzee wa kiosk hapo kona, mzee akamtazama weee halafu akamjibu "na wewe hujambo?" Sasa hapo ndo ujue umeshakosea. Anza na salamu, ngoja ujibiwe, uliza habari za nyumbani au za kazi hata kama unaharaka, ndo useme shida yako. Mkubwa kwako ni shikamoo, utajibiwa marahaba, na vijana wenzako mambo au vipi inatosha. Ila angalia usimpe shikamoo dada ambaye mnalingana nae, atanuna siku nzima, nshaona. Ukikutana na wazee wa Kigogo, hasa ukitoka nje ya mji, wasalimie "mbukwenyi" wakiwa wengi, au "mbukwa" akiwa mmoja, hata ukiitamka vibaya watacheka na hapo umeshapata wenyeji. Kupeana mkono ni mkono wa kulia, na pesa pia mpe mtu kwa kulia. Ukifika nyumba ya mtu piga hodi usubiri karibu.

Ndugu zetu kutoka Kenya msinichukie, ila "nipe chai" huku inasikika kama amri, sema "naomba chai" utaona hata vitafunwa vinakuja haraka.

Sasa tipu. Sio lazima, hakuna atakayekukimbiza, ila watu wanashukuru. Kwenye mgahawa wa kawaida buku au mbili ni sawa kabisa, au umwambie "chenji baki nayo". Jambo ambalo wengi hawalijui: ukilipa kwa lipa namba ile pesa inaenda kwa bosi, kwahiyo ya mhudumu mpe keshi mkononi. Bodaboda na bajaji hawana habari ya tipu, wewe patana bei tu kabla hujapanda. Mwongozaji aliyewatembeza nusu siku, kama mko watu watatu wanne, changeni mimi naona elfu kumi hadi ishirini, kwa shilingi sio dola.

Mkibahatika kuona ngoma ya Kigogo, wale kina mama wa muheme wanavyopiga zile ngoma walizobana miguuni, usikae tu na simu unarekodi. Inuka ukawatunze, noti unampa mchezaji mkononi au unaiweka kwenye paji la uso, usirushe chini kama unalisha kuku! Na kama unataka kurekodi omba kwanza.

Wanaoenda Kolo kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingia urithi wa dunia mwaka 2006, ni mbali kidogo, unapita Kondoa mjini unaendelea na barabara ya Babati, kwahiyo tokeni alfajiri. Anzieni ofisi ya Mambo ya Kale palepale Kolo mlipe na mpewe mtu wa kuwapeleka, msijipandie wenyewe. Michoro msiiguse hata kwa kidole, jasho linaharibu, na msiimwagie maji ili rangi itokee kwenye picha, zamani watu walifanya hivyo na uharibifu wake haurudi nyuma. Halafu kuna mapango ambayo wenyeji bado wanafanyia matambiko, mkikuta kibuyu au chochote kimeachwa pale kiacheni, na mwongozaji akisema hapa tunyamaze basi nyamazeni, sio maigizo. Kondoa Waislamu ni wengi, kwahiyo kaptula fupi acheni hapa, na mwezi wa Ramadhani msile mkitembea barabarani.

Hapa mjini, msikiti wa Gaddafi mnaweza kwenda kuuona, uliza kwanza mlangoni, viatu mnavua, kina dada mjifunike kichwa, na wakati wa swala msipite pite mbele ya watu. Bungeni na Ikulu ya Chamwino msipige picha geti wala askari, hapo hakuna utani. Soko la Majengo pigeni ila sio uso wa mtu bila ruhusa, mama wa nyanya akikataa mnunulie fungu uondoke na amani. Watoto wakiomba hela msiwape, salamu tu inawafurahisha.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, chukueni kikapu changu nyuma ya mlango. Na mkichelewa kurudi nijulisheni mapema, mlenda ukipoa sio mlenda tena.

Mama mwenye nyumba