Ratiba ya Shangazi: Siku Nne Unguja

Shangazi, shikamoo.

Uliniambia kwamba bahari yenyewe huiogopi sana, bali unaogopa kutojua kitakachofuata, na kwa sababu hiyo nimeiandika safari yako hatua kwa hatua, nikaacha nje mambo mengi ambayo wageni wengine huyakimbilia.

Jumatano utapanda boti ya saa tatu na nusu asubuhi. Fika bandarini saa mbili, ukiwa na tiketi, kitambulisho cha taifa na begi moja unaloweza kulibeba mwenyewe. Kabla ya hapo kunywa chai ya tangawizi na kula mkate mkavu. Vitumbua na maandazi yaache kwa siku hiyo. Ndani ya boti kaa ghorofa ya chini, katikati, kuelekea nyuma, mahali ambapo mtikisiko ni mdogo. Mkishatoka mlangoni mwa bandari na kuiacha Kigamboni, boti itaanza kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo sehemu inayowatisha wengi, nami mara ya kwanza nilishika kiti kwa mikono miwili, ilhali mzee wa jirani alikuwa amelala fofofo. Usitazame simu, tazama mbali, pale bahari inapokutana na mbingu. Safari huchukua takriban saa mbili, na tumechagua Februari kwa sababu masika hayajaanza na kusi, upepo unaochafua bahari katikati ya mwaka, bado uko mbali.

Nitakusubiri nje ya mlango wa kutokea, nimevaa kanzu nyeupe na kofia. Wachukuzi wakikuzunguka, sema "nimepokelewa" kisha uendelee kutembea. Mchana huo utalala, hakuna matembezi.

Kuanzia Alhamisi kila siku itafanana: chai saa mbili, jambo moja tu asubuhi, chakula nyumbani saa saba, mapumziko. Alhamisi tutatembea Mji Mkongwe, kutoka Ngome Kongwe hadi soko la Darajani. Vichochoro vyake humpoteza hata mwenyeji, kwa hiyo sitakuacha nyuma. Jioni tutakaa Forodhani, nawe utaonja urojo, ukitaka bila pilipili. Ijumaa, dereva yuleyule wa bandarini atatupeleka msitu wa Jozani kuwaona kima punju, ambao hawapatikani kiasili popote nje ya Zanzibar, na tutarudi kabla ya sala ya Ijumaa. Kisiwa cha Changuu nimekiacha, maana kukifikia ni kwa mashua ndogo, na kobe wake hawana haraka ya kwenda popote.

Jambo lolote utakaloamka hulitaki, tutaliacha bila maelezo.

Jumamosi utarudi kwa boti ya mchana, na binamu atakupokea Dar es Salaam. Nipigie ukishaketi kwenye kiti chako siku ya Jumatano, hata kama huna la kusema.

Mwanao, Unguja